Miadi ya 3:15 au 3:50?

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo, Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana ukitamka 15 kwa Kiingereza, karani wa kliniki anaweza kusikia 50, na miadi ikapotea. Kwenye 15 kaza mwisho: fif-TIIN. Kwenye 50 kaza mwanzo: FIF-ti.

Chukua ujumbe wa sauti wa kliniki unaotaja saa. Usikilize mara mbili ukiwa kimya. Mara ya tatu sema kwa sauti nyuma yake, ukichelewa neno moja tu. Usingoje sentensi iishe. Neno likikupita, liache. Kisha jirekodi ulinganishe. Kama 15 bado inasikika FIF-tiin, rudia sentensi hiyo peke yake.