Kodi ya karakana iandikwe wapi?

Swali: Kwa nini kodi ya karakana yangu ya samani isiende moja kwa moja kwenye faida na hasara?

Jibu: Kwa sababu kodi hiyo imo ndani ya kila meza. Tuseme mbao zilizotumika na ujira wa mafundi ni shilingi 6,000,000; hiyo ndiyo gharama ya msingi. Katika akaunti ya uzalishaji, ongeza gharama za kiwanda, yaani kodi, umeme na mshahara wa msimamizi, 1,500,000. Ongeza kazi isiyokamilika ya mwanzo, 300,000, utoe ya mwisho, 800,000. Meza 100 zilizokamilika zimegharimu 7,000,000, nazo huingia akaunti ya biashara mahali pa manunuzi. Utasema kodi ni ileile popote iandikwapo. Sivyo: meza 20 zisipouzwa, bakaa ya 1,400,000 hubeba sehemu ya kodi hadi mwaka ujao. Kodi ya duka ndiyo huenda faida na hasara.