Rangi ndoo kumi, mistari minne

Mdogo wangu mmoja mwenye duka la rangi huko Mbeya ameniandikia: "Dada, daftari langu la mauzo na ripoti ya mashine ya EFD havipatani hata mwezi mmoja. Nikijumlisha fedha, naona ziko sawa. Naibiwa au vipi?"

Hapana, mdogo wangu, huibiwi. Umeniambia kwamba unaandika "mauzo" siku ambayo mteja anakupa fedha, na unaandika kiasi chote alichokupa. Hapo una makosa mawili kwa mpigo. Mauzo yanatokea siku bidhaa inapotoka na risiti inapokatwa, iwe umelipwa au hujalipwa. Halafu sehemu ya hizo fedha si yako, ni kodi unayoishika kwa niaba ya serikali. Mashine yako inayajua yote mawili, daftari lako halijui hata moja.

Tuchukue mfano wa dukani kwako. Fundi mwenye kampuni yake anakuja Jumatatu, anachukua ndoo kumi za rangi kwa shilingi 59,000 kila moja, VAT ikiwa ndani ya bei. Jumla ni 590,000. Anakupa taslimu 200,000, nyingine anasema atalipa akimaliza kazi. Wewe umesajiliwa VAT, na kiwango cha kawaida ni asilimia 18.

Kabla ya kuandika chochote, itoe kodi kwenye bei. Na hapa wengi huteleza: wanachukua asilimia 18 ya 590,000, wanapata 106,200. Siyo hivyo. Asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei isiyo na kodi, na hiyo 590,000 tayari imeshabeba kodi. Kwa hiyo unagawanya: 590,000 kwa 1.18, unapata 500,000. Hayo ndiyo mauzo yako. Inayobaki, 90,000, ni VAT.

Sasa tuandike. Debiti ni upande wa kushoto, krediti ni wa kulia. Mali zako, yaani fedha na madeni unayowadai watu, zikiongezeka zinaandikwa kushoto. Mauzo, pamoja na kile unachodaiwa wewe, vikiongezeka vinaandikwa kulia. Muamala wa Jumatatu unakaa hivi:

Debiti – Fedha taslimu: 200,000
Debiti – Wadaiwa (fundi): 390,000
Krediti – Mauzo: 500,000
Krediti – VAT ya kulipa: 90,000

Kushoto 590,000, kulia 590,000. Ukiusoma, kushoto kunakuambia thamani ya ndoo zile iko wapi sasa: nyingine kwenye droo, nyingine mfukoni mwa fundi. Kulia kunakuambia ni ya nani: 500,000 ni yako, 90,000 ya serikali. Angalia pia kwamba VAT yote imeandikwa Jumatatu hiyohiyo. Kisheria kodi hii haingoji mdaiwa wako alipe. Ikishakatwa risiti, inaingia kwenye ritani ya mwezi huo, na ritani inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Utapunguza VAT uliyolipa wewe uliponunua mzigo, lakini deni la fundi halitapunguza chochote. Ndiyo maana mtu anayekopesha sana hukuta kodi imefika na droo haina kitu.

Jumatano fundi anarudisha ndoo moja, rangi siyo aliyoitaka. Usifute mstari wa Jumatatu, wala usiandike "mauzo 9". Mkatie hati ya marejesho, kisha uandike:

Debiti – Mauzo yaliyorudishwa: 50,000
Debiti – VAT ya kulipa: 9,000
Krediti – Wadaiwa (fundi): 59,000

Kodi nayo imerudi nyuma. Ukisahau huo mstari wa katikati, utailipa serikali VAT ya ndoo iliyokaa kwenye shelfu yako. Deni la fundi sasa ni 331,000.

Mwisho wa mwezi fundi anaweka hela benki, na benki inakata 2,000 ya huduma. Kwenye akaunti yako unaona 329,000. Usimwachie fundi deni la 2,000, yeye amelipa yote. Makato ni gharama yako:

Debiti – Benki: 329,000
Debiti – Gharama za benki: 2,000
Krediti – Wadaiwa (fundi): 331,000

Umeona? Siku hii ya kupokea hela, akaunti ya mauzo haikuguswa, na ya VAT haikuguswa. Deni limegeuka kuwa fedha, basi. Wewe ulikuwa unaandika "mauzo 331,000" siku kama hii, tena kodi ikiwa ndani yake, ndiyo maana mashine na daftari vikasigana.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata waliosoma hulipita haraka. Pande mbili kulingana si ushahidi kwamba umeandika sawa. Rudi kwa yule aliyepata VAT ya 106,200: mauzo yake yatakuwa 483,800, na ukijumlisha unapata 590,000 ileile. Urari wake utakaa vizuri kabisa, na kodi imekosewa kwa 16,200. Vivyo hivyo ukiandika deni la fundi kwa jina la fundi mwingine: jumla inalingana, ila utamdai asiyehusika. Urari unakamata mstari uliosahaulika au tarakimu iliyoandikwa upande mmoja tu. Kosa lisilovuruga ulinganifu wa pande mbili haulioni.

Kwa hiyo kila akaunti ipimwe kwa kitu kilicho nje ya daftari. Fedha taslimu, ihesabu droo. Benki, chukua taarifa ya benki. Wadaiwa, orodhesha deni la kila mteja mmoja mmoja, na jumla yao iwe sawa na akaunti ya wadaiwa; kisha mpigie simu mwenye deni kubwa mlinganishe. Mauzo na VAT, shika ripoti za Z za mwezi mzima, ukiondoa marejesho yenye hati. Halafu fanya hesabu moja fupi: mauzo halisi mara asilimia 18 yakupe VAT uliyoandika. Kwa fundi wetu, 500,000 kutoa 50,000 ni 450,000. Asilimia 18 yake ni 81,000. Na VAT iliyobaki ni 90,000 kutoa 9,000, yaani 81,000. Imekaa. Kama unauza pia bidhaa zilizosamehewa kodi, ziweke kwenye akaunti yake ya mauzo, la sivyo kipimo hiki kitakudanganya.

Nyie ambao hamjasajiliwa VAT, mstari wa kodi haupo kwenu na hamruhusiwi kuitoza. Bei yote ni mauzo. Mengine yote yanabaki vilevile.

Na wewe wa Mbeya, usianze kwa kurekebisha mwaka mzima. Chukua madeni ambayo hayajalipwa hadi leo, mtu mmoja mmoja, yafungulie akaunti ya wadaiwa. Kisha risiti ya kwanza ya kesho uiandike kwa mistari yake yote kabla hujamhudumia mteja wa pili. Ripoti za Z za kuanzia kesho zikikataa tena kulingana na daftari, niandikie na unitajie tofauti ni kiasi gani. Ikigawanyika sawasawa kwa 18, tutaanza kutafuta kwenye VAT.