SOMO: Ada ya takataka, na gari halikuja

Sisi wenye vibanda hapa Kisian tulidaiwa ada ya takataka ya miezi sita, na gari lilikuja miezi miwili tu. Tulipoenda ofisini kulalamika, karani alituuliza tarehe. Hatukuwa nazo! Tukarudi bure.

Basi tukaanza daftari: siku ya gari, limekuja au halikuja, na sahihi ya majirani wawili.

Kisha tuliandika barua. Tuliomba ada ya miezi isiyo na huduma ifutwe, na tuonyeshwe rekodi ya safari za gari. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ombi la rekodi hujibiwa ndani ya siku 21. Nakala yetu iligongwa muhuri wenye tarehe. Bila muhuri wataweza kusema barua haikufika.

Rekodi yao nayo ilionyesha miezi miwili. Minne ikafutwa.

Angalieni: msiache kulipia leseni ya biashara kwa sababu ya mzozo huu, kibanda kisije kikafungwa. Ofisi ikinyamaza, pelekeni nakala kwa Ombudsmani, mpokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Ana ofisi mjini Kisumu, na halipishi.

Jadilini: Nani atashika daftari letu?