Kagua picha ya dawa kabla ya kutuma pesa

Dawa za mifugo sasa zinauzwa hata kwenye makundi ya WhatsApp. Muuzaji anaweka picha ya dawa ya nagana kwa bei ya chini, anasema mzigo utakuja Bariadi kwa basi, lakini pesa itangulie. Hapo picha ndiyo dhamana pekee uliyopewa. Picha hiyo inaweza kuwa imetengenezwa na akili mnemba bila dawa yoyote kuwapo, au ni picha ya kweli iliyobadilishwa tarehe na kuongezewa idadi ya pakiti.

Tuchukue mfano wa diminazini, dawa inayotafutwa sana na wanaochunga kwenye mbung'o, kama upande wa Meatu karibu na Pori la Akiba la Maswa. Umetumiwa picha ya boksi lililo wazi na pakiti ishirini mbele yake. Ikuze kwa vidole viwili, uanze na maandishi madogo, siyo jina kubwa la dawa. Picha ya akili mnemba mara nyingi huandika jina vizuri, kisha maelezo ya chini yanaharibika: herufi zimepinda, nyingine zimeungana, neno halisomeki kwa lugha yoyote. Usichanganye hili na ukungu. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na hapo maandishi yote hufifia kwa pamoja. Herufi bandia huwa na mistari iliyokolea, ila si herufi. Ukiwa na shaka, mwambie muuzaji aitume tena kwa kuchagua “Document”, maana kwa njia hiyo picha haipunguzwi.

Kama maandishi yanasomeka, piga hesabu yake. Pakiti nyingi za gramu 2.36 zina gramu 1.05 za diminazini yenyewe, na zinatosha ng'ombe mmoja wa kilo 300. Ukiyeyusha kwa mililita 15 za maji, unachoma mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito: 15 mara 20 ni 300. Viwanda vingine huelekeza maji pungufu kidogo, lakini hesabu yao nayo lazima ikubaliane. Pakiti ya gramu 2.36 inayodai kutibu kilo 600 ina kasoro, hata picha ingekuwa safi namna gani.

Sasa tazama pakiti zenyewe. Namba ya toleo kufanana kwenye pakiti zote si kosa, kwa sababu boksi moja hutoka toleo moja. Kosa ni mkunjo ule ule, doa lile lile na mng'ao ule ule kwenye pakiti ya kwanza, ya tano na ya tisa. Pakiti halisi hazikunjani sawasawa. Hapo mtu amenakili moja na kuibandika mara nyingi. Kwa dawa za chupa, kama oksitetrasaiklini, fuata mwanga. Chupa zilizopangwa pamoja humulikwa upande mmoja. Moja ikimetameta kushoto, ya jirani kulia, na vivuli vyote vikaelekea upande mmoja tu, picha imeunganishwa. Tazama pia eneo linalozunguka tarehe ya kuisha muda. Likiwa laini kuliko karatasi yote, au tarimu zikiwa na unene tofauti na namba ya toleo, huenda tarehe imefutwa na kuandikwa upya.

Lakini dalili hizi zinapungua kila mwaka, kwa sababu programu mpya zinaandika herufi vizuri. Tena tapeli anaweza kuiba picha halali ya kiwandani, isiyo na kasoro hata moja. Kwa hiyo mpe muuzaji kazi ndogo: aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya boksi, kisha apige video akigeuza pakiti moja mbele na nyuma. Mwenye mzigo mkononi anamaliza hilo kwa dakika mbili. Anayejibu kwa hasira au kwa picha nyingine ya zamani, muache. Kijana mwenye simu nyumbani anaweza pia kuipitisha picha kwenye Google Lens aone kama imeshatumika kwingine.

Video nayo inathibitisha kwamba pakiti ipo tu, haionyeshi kilichomo ndani. Omba namba ya usajili, umpe afisa mifugo wa kata aihakiki kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kama dawa imeshafika na unaitilia shaka, usiichome kwa kujaribu: dawa yenye nguvu pungufu haiponyi ng'ombe, na vimelea vinavyobaki huizoea. Ipeleke kwake ikiwa na pakiti yake, na usifute picha, mazungumzo wala ujumbe wa malipo.