Gari nchini Marekani: Kukodi kwa Miaka Mitatu au Kununua kwa Mkopo?

Tangazo la kukodi gari nchini Marekani huweka malipo ya mwezi mbele, na mara nyingi malipo hayo ni madogo kuliko ya mkopo wa gari lile lile. Sababu yake ni rahisi. Anayekopa analipia gari zima, ilhali anayekodi analipia tu thamani itakayopungua akiwa nalo, pamoja na riba. Ukitaka kujua njia iliyo nafuu, acha malipo ya mwezi na uhesabu gharama yote kwa muda mmoja.

Tuchukue mfano wa gari la dola 30,000, bila malipo ya awali. Kodi za serikali, bima na matengenezo tunaviacha pembeni, kwa kuwa hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Kukodi kwa miezi 36

Mkataba unakadiria kwamba baada ya miaka mitatu gari litakuwa na thamani ya dola 18,000. Hiyo ndiyo thamani ya mwisho. Upungufu ni dola 12,000, sawa na dola 333 kwa mwezi.

Riba huhesabiwa kwa namba ndogo, kwa mfano 0.0025. Ukiizidisha kwa 2,400 unapata riba ya mwaka kwa asilimia, hapa asilimia 6. Muuzaji asipoitaja namba hiyo, muulize. Riba ya mwezi hupatikana kwa kujumlisha bei ya gari na thamani ya mwisho, kisha kuzidisha kwa namba hiyo: 48,000 mara 0.0025 ni dola 120.

Malipo ya mwezi basi ni kama dola 453, na kwa miezi 36 yanafika dola 16,320. Ongeza ada ya kufungua mkataba, tuseme dola 700, na ada ya kurudisha gari, dola 400. Jumla ni dola 17,420, na mwishoni huna gari.

Kununua kwa mkopo

Mkopo wa miezi 60 kwa riba ileile ya asilimia 6 unadai dola 580 kila mwezi. Baada ya miezi 36 umelipa takriban dola 20,880, na bado unadaiwa kama dola 13,090. Ukiliuza gari wakati huo kwa dola 18,000 na kumaliza deni, unabaki na dola 4,910. Gharama yako halisi ni dola 15,970, yaani pungufu ya kukodi kwa dola 1,450.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni zile ada za dola 1,100. Iliyobaki ni riba: deni la anayekopa hupungua haraka zaidi, kwa hiyo riba yake nayo hupungua.

Kinachoamua mshindi

Yote haya yamesimama juu ya bei ya gari baada ya miaka mitatu. Katika mfano wetu, njia hizi mbili hulingana gari likiuzwa kwa takriban dola 16,550. Likiuzwa kwa dola 15,000, aliyekopa amegharimika dola 18,970, na aliyekodi amepona, kwa kuwa hasara hiyo inabaki kwa kampuni. Bei ikipanda kupita thamani ya mwisho, aliyekodi anaweza kulinunua gari kwa bei iliyoandikwa, ikiwa mkataba unamruhusu. Hivyo ndivyo wengi walivyofaidika mwaka 2021 na 2022, bei za magari yaliyotumika zilipopanda sana.

Kinga hiyo ipo tu pale mkataba unaposema kwamba ukirudisha gari hudaiwi pengo la thamani. Kuna mikataba, hasa ya biashara, ambayo humtwisha mkodi pengo hilo.

Soma kabla ya kusaini

Angalia kwanza maili. Ukiruhusiwa maili 12,000 kwa mwaka nawe ukaendesha 16,000, kwa miaka mitatu umezidisha maili 12,000. Kwa senti 20 kila maili, unadaiwa dola 2,400 siku ya kurudisha gari. Kama unabeba abiria kwa malipo, hakikisha mkataba unaruhusu, kwani mingi inakataza.

Pili, angalia gharama ya kuvunja mkataba mapema. Inaweza kufika maelfu ya dola.

Tatu, jiulize utakaa na gari muda gani. Aliyekopa humaliza kulipa mwezi wa 60, na kila mwaka anaoendelea kuendesha baada ya hapo hana malipo ya gari. Anayekodi gari jipya kila baada ya miaka mitatu hulipa daima. Kwa hiyo anayekusudia kukaa na gari miaka saba au minane, au anayeendesha sana, mkopo utamfaa zaidi. Kukodi kunamfaa anayebadilisha gari kila miaka mitatu, mwenye safari chache, na asiyetaka kubeba hatari ya bei kushuka.