Kwa Nini Nyumba Nyingi Zaweza Kuwa Juu ya Wastani

Wengi hudhani kuwa wastani hugawa hesabu nusu kwa nusu. Sivyo ulivyo, wastani ni jumla iliyogawanywa sawa kwa wote.

Uchukuliwe mfano wa nyumba 10 za mtaa mmoja wa Magomeni, zilizohesabiwa siku za kupata maji ya bomba katika juma. Tano zilipata siku 7, tatu siku 6, moja siku 2, na moja haikupata kabisa. Jumla ni siku 55, hivyo wastani ni 5.5. Nyumba 8 kati ya 10 ziko juu yake.

Sababu ni kwamba wastani hufanya kazi kama mizani. Nyumba mbili za chini zimepungukiwa na siku 3.5 na 5.5, yaani 9 kwa pamoja. Nyumba nane za juu zimezidi kidogo kidogo, na ziada yao yote ni 9 vilevile. Juma halina siku ya nane, kwa hiyo hakuna nyumba iwezayo kupanda sana. Kushuka ndiko kunakowezekana.

Basi taarifa isemayo "nyumba nyingi zimevuka wastani" yaweza kuwa kweli, na bado ikaficha nyumba isiyo na maji. Hata namba ya katikati, ambayo hapa ni 6.5, haiionyeshi. Katika mkutano wa mtaa, mkazi aulize pia: aliyepata kidogo kuliko wote amepata siku ngapi?