Picha ya Kiuno na Maumivu ya Miguu: Kwa Nini Havilingani Daima

Tuchukue mfano wa mkulima wa Chiola mwenye umri wa miaka 66. Akiinama kupalilia mikorosho hana taabu. Akirejea nyumbani kwa miguu, baada ya hatua kama 300 miguu yote miwili huwa mizito na kufa ganzi. Akiketi au kuinamia mpini wa jembe, hupata nafuu kwa dakika chache. Akipanda baiskeli, hufika bila kusimama. Picha ya MRI inasema mfereji wa uti wa mgongo kiunoni umesinyaa sana. Jirani yake ana picha ya namna hiyo hiyo, lakini hutembea hadi mnadani bila maumivu.

Hali hiyo si ya ajabu. Katika mkoa wa Wakayama nchini Japani, watafiti walipiga picha za watu wapatao 900 wa kawaida. Kati ya waliokutwa na msinyao mkubwa, ni asilimia 17.5 tu waliokuwa na dalili.

Sababu ya kwanza ni mkao. Picha hupigwa mgonjwa akiwa amelala, mara nyingi magoti yakiwa yameinuliwa, na mkao huo hupanua mfereji. Mtu akisimama wima, mfereji hupungua, akiinama, huongezeka. Ndiyo maana palizi haimuumizi mkulima wetu, bali safari ya kurudi. Sababu ya pili ni damu. Wakati wa kutembea, mishipa ya fahamu huhitaji damu zaidi, na picha tuli haionyeshi kama damu hiyo inapita vizuri. Tatu, msinyao unaokuja polepole kwa miaka mingi huipa mishipa nafasi ya kuuzoea.

Maumivu ya kutembea yanaweza pia kutoka kwenye mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari. Huyo hupata nafuu kwa kusimama tu, bila kuinama, na huenda mapigo ya damu kwenye nyayo yakawa hafifu. Mwombe tabibu ayapime kabla ya kulaumu mgongo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia picha na nauli ya kwenda mjini, tunashauri umuulize daktari: «Je, majibu yatabadilisha matibabu yangu?» Upasuaji huamuliwa kwa kiasi dalili zinavyokuzuia kuishi, wala si kwa neno «sana» lililoandikwa kwenye ripoti.

Usisubiri, bali nenda hospitali siku hiyo hiyo, endapo mkojo umeziba au unatoka bila kujizuia, huwezi kuzuia haja kubwa, sehemu za siri na makalio yamekufa ganzi, au miguu inapoteza nguvu haraka.